Siku Saba Nilizomfanya Mama Nabii

Mama yangu hakuuzii hamri kabla hajakuuliza umeamkaje.

Najua utasema hiyo ni salamu ya kila mtu. Kwetu Kisauni wote huulizana hivyo, na wote hujibu nimeamka salama, hata aliyekesha akilia. Lakini mama akiuliza, husimama. Kijiti cha kugeuzia kiko hewani, mafuta yanachemka kwenye karai, foleni imefika mlango wa jirani, naye anakutazama usoni akingoja jibu la kweli. Ukijibu salama na si salama, anauliza tena. Wakorofi wachache huudhika, wakaenda kununua mkate dukani. Wengine, na ndio wengi, husema. Mtoto ana homa. Kibarua kimeisha. Mguu hauniachi. Mama husikiliza, akageuza hamri ili lisiungue, kisha akafumba macho pale pale na unga mikononi, akamwombea mtu huyo maneno kumi au kumi na tano, si zaidi. Amina. Haya, mangapi?

Nimekua nikiyasikia maombi hayo kila asubuhi kabla ya shule, na baadaye, nilipoacha shule kidato cha pili, kabla ya kwenda saluni kule Junda ninakosuka nywele. Nilikuwa nimeyazoea kama harufu ya iliki. Sikujua kwamba ni kitu, mpaka mlinzi mmoja alipokirekodi.

Mlinzi huyo ni kijana wa bara, analinda geti la bohari moja na hupita kwetu akitoka zamu. Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng mpaka mama humwomba aseme tena polepole. Asubuhi moja mama alikuwa akiwaombea walinzi wote wanaolala wamesimama, naye akatoa simu mfukoni, akarekodi sauti tu, akaituma kwenye kundi lao. Baada ya siku mbili akaja amechangamka.

"Mathe, umeenda mbali! Beshte yangu ako Changamwe amenitumia hiyo sala yako, na hajui mimi ndiye nilirekodi."

"Nimeenda wapi tena?" mama akauliza. "Mimi niko hapa na karai langu."

Mimi nilikuwa nakuna nazi nyuma ya mlango, nikaacha kukuna. Mimi ni mtu wa ndoto, sikatai. Nikisuka mtu nywele huwa tayari nimemwona bibi harusi. Pale pale kwenye mbuzi ya nazi nilimwona mama kwenye simu za watu wa Likoni, wa Changamwe, wa Malindi, hata wa ng'ambo, wakiamka na kuombewa naye. Mama ambaye kanisani kwetu Frere Town hajawahi kushika maikrofoni hata siku moja, kwa kuwa hakusoma chuo cha Biblia na hupenda kukaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Nikamwambia nataka kumfungulia chaneli kwenye mtandao wa video fupi.

"Ya kupika?"

"Ya maombi, mama."

Alifikiri kidogo, akakata donge la unga pembe nne. "Fanya. Bora usiniaibishe."

Maneno mawili hayo ya mwisho nilipaswa kuyaandika ukutani.

Kufungua chaneli si kazi. Kazi ni vitu vitatu ambavyo mgeni hukutana navyo kabla ya yote: jina, ule mstari wa kujieleza chini ya jina, wenyewe huuita bayo, na video ya utambulisho unayoibandika juu kabisa ya ukurasa ili nyingine zikiongezeka, yenyewe isishuke. Hivyo vitatu ndivyo mlango. Mtu husimama hapo sekunde chache tu, akaingia au akapita.

Mwanzoni niliandika Mama wa Mahamri. Nikaliangalia, nikaona halina uzito. Basi nikafanya utafiti wangu. Nilifungua chaneli za dini moja baada ya nyingine, na nikaona wote wana cheo. Huyu nabii, yule mtume, yule askofu mkuu, na mmoja alikuwa na vyeo vinne kabla ya kufika kwenye jina lake. Nikajiambia, ala, kumbe hivi ndivyo inavyofanywa! Kama vile ukienda shule unavaa sare, ukienda mtandaoni unavaa cheo. Wallahi sikuwa na nia mbaya. Niliona mama yangu anaingia kwenye ukumbi wa wakubwa akiwa na kanga ya jikoni, nikataka kumvisha.

Jumamosi mchana nikabadilisha jina. Likawa Nabii Mama wa Pwani.

Bayo inakubali herufi themanini tu, pamoja na nafasi. Nikaandika, nikapunguza, nikaandika tena mpaka ikaenea: Unabii, uponyaji, milango kufunguka. Atakwambia yaliyofichika. Halafu video. Nilichukua ile sauti ya mlinzi, nikaiwekea picha za radi, moto, na tai anayeruka juu ya mlima, na mwanzoni nikaweka tarumbeta. Maneno makubwa ya dhahabu, yale yale ya bayo pamoja na Kisauni, yakawa yanatokea na kupotea. Nikaibandika juu. Nilipomaliza nilijitazama kwenye kioo cha saluni kama mtu aliyejenga ghorofa. Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko walio kanisani kwetu.

Sikumwonyesha mama. Nilitaka iwe zawadi.

Zawadi aliifungua mwenyekiti wa akina mama, Jumapili baada ya ibada, pale nje tunaposalimiana. Ni mama mwenye sauti ya kwaya, akinong'ona anasikika barabarani.

"Ehe, mama! Sasa tukuite nabii tu, ama tungoje upandishwe uwe mtume?"

Mama akacheka, akidhani ni utani. "Nabii wa nini tena, dada?"

"Wa Pwani nzima, nasikia. Tena unajua yaliyofichika. Basi niambie, ile sufuria kubwa ya kanisa iliyopotea Krismasi iko kwa nani?"

Akina mama wakaangua kicheko. Simu ikaletwa. Mama akaishika mbali kidogo, kwa kuwa macho yake ya karibu yamechoka, akasoma jina, akasoma bayo akisogeza midomo, akasikia tarumbeta. Tai akaruka. Mama alirudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu, akatengeneza kilemba chake, akaanza kutembea.

Kutoka kanisani hadi kwetu ni mwendo mzuri wa miguu, na mama alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nabii ni mtu aliyetumwa," akasema. "Mimi nani kanituma? Wewe?"

"Mama, nilitaka watu wakuheshimu."

"Walikuwa hawaniheshimu?"

Nikatoa simu nibadilishe jina pale pale, na ndipo nikakutana na sheria ambayo sikuisoma: jina ukishalibadilisha, hulibadilishi tena mpaka siku saba zipite. Nilikuwa nimelibadilisha Jumamosi, kutoka mahamri kwenda unabii. Maana yake mama yangu angekuwa nabii mpaka Jumamosi nyingine, atake asitake.

"Basi niifute chaneli yote," nikasema. "Nitafungua nyingine kesho."

Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Waliokwisha kuiona utawafutaje? Umesema uongo mbele za watu, ukaunyooshe mbele za watu. Pale pale uliposemea."

Video niliiondoa, maana hiyo hukubali saa yoyote. Na bayo nayo hukubali saa yoyote. Kwa hiyo nikaandika: Chaneli hii iko kwenye marekebisho. Nikamsomea.

"Marekebisho ya nani?" akauliza. "Mitambo imeharibika? Andika lililotokea."

Tukaketi wawili, yeye akisema, mimi nikipima herufi. Hatimaye ikawa: Jina hilo si lake, ni kosa langu. Yeye ni mama anayepika na kuombea watu. Herufi zikatosha na nyingine zikabaki. Juu yake lile jina la uongo, chini yake ukweli wangu, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa na kibao shingoni. Nililia kidogo, nisiseme uongo tena.

Lakini adhabu yenyewe haikuwa hiyo. Adhabu ilikuja Jumatatu asubuhi. Foleni ilijipanga kama kawaida, na mama akauza. Mangapi? Matano. Chukua mbaazi pale. Anayefuata. Hakumuuliza mtu umeamkaje.

Sikuamini. Jirani yetu wa chai, bibi wa Kiislamu ambaye meza yake inapakana na karai letu, na ambaye kwa miaka huulizwa wa kwanza kabisa na kujibu "Nimeamka, alhamdulillahi, goti tu," alisubiri na birika lake mkononi mpaka chai ikapoa. Mwishoni akaniita pembeni.

"Mamako ana nini? Leo hajaniuliza goti."

Nilipomuuliza mama, alinijibu akiwa ameinama kwenye unga. "Nikimwombea mtu sasa, atadhani namtabiria. Nitamwambia Mungu akuponye, yeye atasikia umeshapona. Siwezi. Jina hilo liondoke kwanza."

"Ni mpaka Jumamosi, mama."

"Basi mpaka Jumamosi. Na baada ya hapo tutaona kama kinywa changu kitarudi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Chaneli ningeiacha ife, ningesuka nywele zangu nikaota ndoto nyingine. Lakini je, kama swali lile la asubuhi lisingerudi tena? Ningekuwa nimewanyang'anya watu wa mtaa mzima kitu ambacho hawakuwahi kukitafutia jina, kwa sababu mimi nilitaka kukipa jina.

Jumanne ikapita hivyo hivyo, mangapi, anayefuata. Mlinzi akajaribu utani, "Mathe, leo hata hujali kama nimeamka ama nimekufa?" Mama akamwongezea hamri moja bila neno. Jioni hiyo nilifungua ukurasa mara nyingi kuona kama sheria imebadilika. Haikubadilika.

Jumatano, foleni ikiwa imekwisha na karai limebaki na mafuta ya kupoa, alikuja mwanamke mmoja. Mgeni, kijana aliyenizidi miaka michache, viatu vimeshika vumbi. Alitokea Timbwani, akavuka feri, akaulizia njia mpaka kwetu. Mkononi alikuwa na leso mpya, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani.

"Shikamoo," akasema, akapiga magoti. "Namtafuta nabii."

Mama akanitazama mara moja tu. Sijasahau jicho hilo. Kisha akamshika yule mwanamke kiwiko, akamwinua.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Huku hakupigwi magoti, kuna mafuta chini."

Mwanamke akaketi ukingoni mwa benchi. Aliipata ile video kwa dada yake, naye aliipata kwingine. Kuiondoa kwangu kulikuwa kazi bure, tai wangu alikuwa bado anaruka kwenye simu za watu. Akaeleza kwamba mume wake aliondoka kwenda kazi za mbali, na simu yake haipatikani kwa miezi mitatu sasa. Ameuliza kila pahali pa kuuliza.

"Nimekuja uniambie kitu kimoja tu," akasema, akimnyooshea mama ile leso kwa mikono yote miwili. "Yu hai? Hata kama si habari njema, niambie. Imeandikwa unajua yaliyofichika."

Yale maneno yalikuwa yangu. Niliyachagua kwa sababu yalienea kwenye herufi themanini.

Nilitamani ardhi inifiche. Nikafungua mdomo nikiri, lakini mama akainua kiganja, nyamaza. Akaketi kando ya yule mwanamke, bega kwa bega, akaisukuma ile leso ikarudi mapajani kwa mwenyewe.

"Mimi si nabii," akasema. "Aliyeandika ni mwanangu huyu, na amekosa. Mimi napika mahamri. Ya mumeo siyajui. Ya kesho siyajui, hata yangu mwenyewe."

Mwanamke akamwangalia kama mtu aliyefungiwa mlango wa mwisho. Nikadhani atatutukana, na angekuwa na haki.

Mafuta yalikuwa yanapoa kwenye karai, yakitoa sauti moja moja. Kisha mama akageuka akamtazama usoni, vile vile anavyotazama, akauliza:

"Umeamkaje leo?"

Yule mwanamke alijibu. Hakujibu salama. Alijibu kwa muda mrefu, mpaka chai ya jirani ikaletwa bila kuagizwa, na bibi wa chai akasimama hapo akisikiliza na birika lake. Alipomaliza, mama alimwambia, "Ya kesho siyajui, lakini nitakuombea leo." Akamwombea. Ilikuwa sala ndefu kuliko zake zote ninazozikumbuka, na hakumwahidi kitu hata kimoja. Alimwomba Mungu ampe mama huyu usingizi, ampe watu wa kumshika, na popote mumewe alipo asiwe peke yake. Amina. Bibi wa chai naye akasema amina.

Mwanamke alikula mahamri mawili yaliyopoa. Kabla ya kuondoka alinigeukia mimi. Nilimwomba msamaha. Alinitazama tu, akafunga leso yake kiunoni, akasema, "Wewe ushukuru mama uliye naye." Akaenda.

Nilipoinua macho, mama alikuwa anapangusa karai. "Kesho leta simu yako," akasema. "Hiyo video ya kujitambulisha nitaisema mwenyewe. Kama wako wengine waliodanganywa kama huyu, wasikie kwa kinywa changu."

Nikatamani kucheza pale pale.

Alhamisi baada ya foleni nikaegemeza simu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikafuta lenzi kwa kitambaa kwa sababu ilikuwa na ukungu wa mvuke. Nilimweleza mama: dakika moja na nusu, useme wewe ni nani, chaneli ni ya nini, basi. Mama akavaa gauni la Jumapili, akasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikabonyeza.

"Bwana asifiwe," akasema. Akangoja. Nikaitika amina. "Bwana asifiwe tena." Amina. "Nawasalimu wote katika jina la Yesu. Namsalimu mchungaji wangu na mama mchungaji. Nawasalimu wazee wa kanisa, mashemasi, mwenyekiti wa akina mama pamoja na kamati yake, kwaya ya vijana, walimu wa shule ya Jumapili, wageni wetu, na wote waliobaki nyumbani kwa sababu ya ugonjwa. Nimeokoka, nampenda Bwana. Nilizaliwa katika familia ya watoto tisa..."

Dakika moja na nusu ikaisha tukiwa kwenye mtoto wa nne.

"Mama, hujasema chaneli ni ya nini."

"Nitasimama mbele za watu nisiwasalimu? Mimi nimelelewa."

Tukarudia. Mara ya pili alipunguza mashemasi, lakini akawakumbuka wafiwa. Mara ya tatu alimwacha mchungaji, kisha akasita katikati, akasema "Hapana, zima, mchungaji akiiona itakuwaje?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na haikuwa yeye tu. Kwetu ukipewa nafasi kanisani lazima uwapitie wote kwa ngazi zao ndipo ufungue lako la moyoni, na mara nyingi la moyoni hubaki ndani kwa kukosa muda. Nami pia nilikuwa nimefanya yale yale na vyeo vyangu. Tarumbeta, tai, nabii, na mama mwenyewe hakuonekana.

Ijumaa mlinzi akatukuta tunabishana juu ya mchungaji. Akaomba kuziona zile tatu. Akatazama ya kwanza mpaka mwisho bila kucheka, kwa heshima, kisha akajikuna kichwa.

"Mathe, hii ni poa, lakini si wewe. Wewe hushinda ukitusalimia na salamu moja tu."

"Ipi?"

"Si ile ya umeamkaje! Kwani hamjui? Sisi huko getini hatusemi twende kwa mama wa mahamri. Tunasema, twende kwa Umeamkaje. Hata bosi akiuliza hizo mahamri ni za wapi, tunamwambia za Umeamkaje. Ilikuwa hivyo kabla nije job."

Mimi na mama tukatazamana. Siku zote hizo nimevunja kichwa nikitafuta jina, na watu walikwisha kulitoa zamani, wakalizoea, wakawa wanalitumia kila asubuhi tukiwa hatuna habari.

"Ndivyo mnavyoniita?" mama akauliza polepole.

"Ndivyo, Mathe. Kama ni vibaya, pole."

Mama akainama, akapuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa. Nilijua anaficha uso. "Si vibaya," akasema.

Jumamosi asubuhi sikumwambia asimame wala avae gauni. Nilimwomba tu asogeze benchi, nikaweka simu kwenye mkebe upande wa mteja, kimo cha macho, nikambandika kipaza sauti cha waya wa masikioni ndani ya kanga ili mafuta yasimfunike sauti. Nikamwambia, fanya kama simu hii ni mtu amefika kwenye foleni.

Mama akageuza hamri. Akainua macho, akaitazama simu, kijiti hewani.

"Umeamkaje?"

Akangoja. Alingoja kweli, sekunde nne au tano, kama yuko mtu. Unga mashavuni, moshi ukipita. Kisha akasema, "Mimi si nabii. Kama kuna mahali umeambiwa hivyo, si kweli, nisamehe. Ya kesho siyajui. Lakini nitakuombea leo." Akafumba macho, akaomba maneno yake kumi na tano. Amina. Akafumbua. "Haya. Nenda kazini." Nyuma yake ikasikika sauti ya bibi wa chai: "Na goti langu je?" Mama akageuka akicheka, na nikazima hapo. Sikukata kitu. Sikuongeza hata wimbo. Ilikuwa sekunde hamsini.

Mchana sheria ikafunguka. Nikalifuta lile jina herufi moja moja, nikafurahia kila moja, nikaandika Umeamkaje. Jina la kutafutia, lile lisilo na nafasi, nilikuwa sijaligusa, bado lilikuwa neno na tarakimu nyingi ambazo mtandao ulinipa siku ya kwanza. Nalo nikalibadilisha. Umeamkaje peke yake ilikwisha kuchukuliwa, nikaongeza mama mbele yake. Bayo nikaiandika bila kumuuliza mtu, maana alikwisha kuisema: Ya kesho siyajui, lakini nitakuombea leo. Kisauni, kila asubuhi. Kisha nikaipandisha video, nikaibandika juu.

Haikutazamwa kama ile ya tai. Haijafika hata nusu yake mpaka leo. Lakini Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa akina mama alitujia pale nje, na mama akajikaza. Mwenyekiti akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanong'ona kama watu wengine wanavyonong'ona. "Nimeamka vibaya, dada," akasema. Mama akamvuta ndani, wakaketi benchi la nyuma, karibu na mlango.

Kuhusu maoni ya watu chini ya video ile, mimi ndiye ninayemsomea mama, jioni akikanda. Kuna wanaoandika amina tu. Lakini wengi, na hili sikulipanga, hujibu swali. Nimeamka na deni la usingizi. Nimeamka nina mtoto mpya. Nimeamka naogopa. Mama husikiliza kila moja, mikono ndani ya unga, na nikisoma haraka hunirudisha. "Soma tena yule. Huyo hujamaliza kumsoma."

Wiki iliyopita nilifika kwenye moja, picha yake ndogo ni leso iliyofungwa kiunoni. Ilisema: Nimeamka, mama. Bado sina habari yake. Lakini nimeamka, na nimelala.

Nilisoma mara mbili bila kuambiwa. Mama aliacha kukanda. Alifumba macho, na mimi nikaweka simu chini, nikamtazama mama yangu, asiye na cheo chochote, nikaona fahari.

"Amina," akasema. "Haya, mwingine."